Maelezo ya slaidi yasome kinyumenyume

Sisi tunaona kwamba slaidi zikiisha kupangwa, kazi haijaisha. Chukua karatasi, na kwa kila slaidi uandike sentensi moja tu. Kichwa kama «Kupe» siyo sentensi. Sema kupe anafanya nini. Na uandike kile slaidi inachosema, siyo kile unachojua kichwani.

Tuchukue mfano wa ndigana, homa inayoua ng'ombe wetu hapa Minembwe. Sentensi zimetoka hivi:

1. Ndigana inaua ndama.
2. Kupe wa kahawia anakaa masikioni.
3. Tezi chini ya sikio zinavimba.
4. Tuogeshe ng'ombe kwa dawa.

Picha ni nzuri, lakini soma sentensi peke yake: kati ya 1 na 2 kuna shimo. Nani amesema kupe ndiye anayeleta ugonjwa? Inakosa slaidi moja: kupe mchanga ananyonya damu ya ng'ombe mgonjwa, akikua anampa mwingine ugonjwa. Tena 3 inaonyesha dalili, halafu 4 inaruka kwenye kinga. Ng'ombe ambaye ameisha kuvimba tezi, kuogesha hakumponyi. Anahitaji matibabu mapema. Mfugaji asiyejua hilo atapoteza mnyama.

Slaidi ikidai sentensi mbili, igawe. Ikikosa hata moja, iondoe.

Njia hii haionyeshi kama habari ni ya kweli. Hiyo mwulize muganga wa mifugo. Na sentensi aandike mwenzako, kwa sababu wewe utaziba shimo bila kujua.