Acheni kudanganya kwa Poisson!

Haya jamani, leo nina donge kooni. Wiki jana nilialikwa kusikiliza ripoti ya mradi mmoja (jina naliweka kapuni) hapa Eldoret. Slaidi ilisema esemesi za kuwakumbusha akina mama kliniki zimeongeza mahudhurio kwa asilimia 20, thamani ya p ikiwa 0.007. Makofi! Nikauliza, mmetumia modeli gani? "Poisson, kwani si tunahesabu watu?" Mtawanyiko mmeupima? Kimya.

Hapa jirani, Mosoriot, wagonjwa walianza kuandikwa kwenye kompyuta mwaka 2001, katika mfumo uliokuja kuzaa OpenMRS. Hatuwezi kusingizia ugeni wa data.

Poisson ina sharti moja zito: varianzi iwe sawa na wastani. Kliniki ikipata wagonjwa 40 kwa wiki, varianzi iwe kama 40, yaani wiki nyingi ziangukie kati ya 28 na 52. Hilo hutokea kila mgonjwa akija kivyake, na kasi ya kuja ikiwa ile ile kila wiki. Wewe uliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki, niambie: wagonjwa huja hivyo? Mvua ikinyesha, watoto wa Langas hukohoa pamoja. Mama mmoja huleta watatu. Shule zikifungua, foleni hubadilika. Kwa hiyo namba hutawanyika kupita kiasi, na Poisson haina habari.

Tuhesabu. Namba hizi nimezibuni mwenyewe, wiki 10 kabla ya esemesi na 10 baada yake, ili kila mtu aweze kukagua:

```r
idadi <- c(30,52,41,18,64,35,47,22,58,33,
           36,60,51,25,75,40,56,29,66,42)
esemesi <- rep(0:1, each = 10)
m <- glm(idadi ~ esemesi, family = poisson)
sum(residuals(m, type = "pearson")^2) / df.residual(m)
```

Wastani ulikuwa 40, ukawa 48. Ongezeko la asilimia 20, sawa kabisa na slaidi ile. Kosa sanifu la Poisson ni 0.068, na thamani ya p ni 0.007. Piga makofi basi! Lakini mstari wa mwisho unatoa karibu 5.7, wakati ulipaswa kutoa kama 1. Varianzi ni zaidi ya mara tano ya ile modeli inayodai.

Dawa ya kwanza ni kubadilisha `poisson` kuwa `quasipoisson`. Asilimia 20 inabaki pale pale, ila kosa sanifu linazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 5.7, yaani kama 2.4. Linakuwa 0.16, na p inaruka hadi 0.27. Ukweli sasa ni huu: mahudhurio huenda yalishuka asilimia 14, huenda yalipanda asilimia 68. Hatujui! Dawa ya pili ni binomia hasi (`glm.nb` kwenye `MASS`), ambamo varianzi hukua kwa mraba wa wastani. Hapa inakupeleka kwenye hitimisho lile lile.

Najua kuna atakayesema, "Basi tuweke binomia hasi kila mahali, yaishe." Hapana, bwana. Mtawanyiko mara nyingi ni dalili kwamba umesahau kitu. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Ukizitumbukiza wiki hizo ndani ya mtawanyiko, modeli itazimeza kama bahati mbaya tu, na kosa sanifu litavimba bure. Mgomo upe safu yake. Wiki yenye sikukuu ina siku chache za kazi, kwa hiyo ongeza `offset(log(siku))`. Na kliniki isiyotuma ripoti haikupata wagonjwa sifuri. Haikuripoti! Nafasi tupu usiijaze 0.

Ukishafanya hayo, pima tena ule uwiano. Ukishuka karibu na 1, ulikuwa umesahau kitu tu. Ukibaki juu, sasa ndiyo zamu ya binomia hasi. Halafu chora masalio kwa mpangilio wa wiki: yakipanda na kushuka kwa makundi, wiki zinategemeana, na hata binomia hasi haitakuokoa.

Kwa nini nimekasirika? Kwa sababu ile p ya 0.007 itaombewa pesa. Kliniki itanunua esemesi badala ya kuajiri muuguzi, kwa ushahidi ambao haupo. Simaanishi esemesi hazifai. Namaanisha wiki 20 za kliniki moja haziwezi kutuambia, na mstari mmoja wa kodi ungetosha kuwanyamazisha.

Ukiona ripoti ya mahudhurio yenye Poisson, uliza swali moja tu: uwiano ni ngapi? Wakikodoa macho, usipige makofi.

Wabishi, karibuni hapo chini. Njooni na namba.