Mapato ya YouTube Yahesabiwe kwa Nchi

Wako ndugu wanaonung'unika kwamba filamu zao mbili za YouTube zimetazamwa sawasawa, lakini malipo ni mbalimbali. Sisi twasema, mlipaji ni mwenye tangazo, naye hununua nafasi kwa mnada. Benki inayotafuta wakopaji Marekani huthubutu kupandisha bei, kwani mkopaji mmoja huirudishia gharama. Muuza sabuni wa kwetu hawezi, maana faida ya kipande kimoja ni ndogo. Ndiyo sababu filamu ya mambo ya fedha huipita ya vichekesho.

Basi kila nchi ihesabiwe peke yake. Tuseme filamu imetazamwa Tanzania mara 80,000, kila elfu nusu dola: ni dola 40. Marekani mara 20,000, kila elfu dola 5: ni dola 100. Jumla dola 140. Atakayezidisha zote 100,000 kwa bei ya Marekani ataota dola 500, akope, kisha ajute.

Kiwango cha kutumia ni RPM ya filamu zako mwenyewe. Hicho kimekwisha kuondolewa fungu la YouTube. Usilikate mara ya pili.