Kabla Hujamlipa Fundi wa Protekta

Ndugu zangu wa Mpanda, kiangazi kikishika, gari moja likipita barabara ya vumbi linatosha kuipaka simu yako unga. Nawaomba tuanzie hapo, kwa sababu ndani ya unga huo zimo chembe za kwatzi, mawe yale yale ambayo wachimbaji wetu wa dhahabu huyaponda. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, chenye ngazi 10, kwatzi iko ngazi ya 7. Kioo cha simu kiko karibu na 6. Unapofuta vumbi kwa kanga au shati, basi, unakisugua kioo kwa kitu kigumu kukizidi.

Hata protekta ya kioo huchubuliwa na mchanga huo. Maandishi ya “9H” kwenye pakiti yasikudanganye: hutokana na jaribio la kukwaruza kwa penseli, na risasi ya penseli ni laini mno mbele ya kwatzi. Kioo kinashinda funguo na sarafu mfukoni. Protekta ya plastiki huchubuka hata kwa hizo, ila ni bei rahisi, na kwenye skrini iliyopinda kingo hulala vizuri zaidi.

Simu ikianguka, plastiki haisaidii sana; ni nyembamba, kishindo kinapita. Kioo, ambacho mara nyingi kina unene wa milimita 0.33, kinaweza kuvunjika kikapunguza nguvu ya pigo. Lakini simu ikitua kwa pembe juu ya jiwe, pigo linaingia kwenye fremu na protekta haina la kufanya. Hapo kinachookoa ni kava lenye kingo zilizoinuka kupita skrini. Dereva wa bodaboda anayekwenda Sitalike na simu mkononi, mimi ningemwambia anunue kava kwanza.

Tachi ndiyo huwagombanisha wateja na mafundi. Skrini huhisi umeme mdogo wa kidole, na nafasi ya hewa huupunguza. Protekta za kioo zenye gundi pembezoni tu huacha hewa katikati, ndiyo maana unabonyeza mara tatu kuandika herufi moja. Omba yenye gundi eneo lote. Ikiwa simu inasoma alama ya kidole chini ya skrini, isajili upya baada ya kubandika. Nyingine hugoma kabisa kioo kikizidi unene, na hapo plastiki ni bora.

Mwombe fundi abandike ndani, si kibarazani kando ya barabara, na sakafu inyunyizwe maji kwanza ili vumbi litulie. Punje moja ikibaki chini, kiputo chake hakitoki kwa kusukuma. Inabidi protekta iinuliwe na punje inaswe kwa utepe wa gundi. Ikishatulia, shikilia ikoni moja mpaka itikisike, kisha iburute polepole kila pembe ya skrini. Ikidondoka yenyewe mahali fulani, irudie hapo hapo. Ikidondoka tena palepale, mwambie abadilishe, pesa ikiwa bado mfukoni mwako.