“Havionekani” Si “Vimekwisha”: Jedwali la Istilahi kwa Mtumishi Mpya wa Kliniki ya VVU

Mtumishi mpya anapopangiwa kazi katika kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, mojawapo ya zana za kwanza anazostahili kukabidhiwa ni jedwali la istilahi lenye safu nne: istilahi, maana yake, mfano mwepesi, na istilahi inayohusiana. Safu ya maana hujazwa kwa uangalifu kutoka katika miongozo ya tiba. Safu mbili za mwisho mara nyingi huonekana kuwa pambo, zikajazwa kwa haraka au zikaachwa wazi. Huko ni kukosea mahali penyewe, kwa kuwa mgonjwa hasomewi maana iliyomo katika mwongozo. Yeye husikia mfano, kisha hulichanganya neno alilosikia na lile linalofanana nalo.

Mfano bora ni neno “kutoonekana”. Kwa mtaalamu wa maabara, virusi havionekani maana yake ni kwamba kipimo kilichotumika hakikuweza kuvigundua katika sampuli ile. Lakini katika Kiswahili cha kila siku, mtu akiulizwa habari za jirani na kujibu kuwa “siku hizi haonekani”, msikilizaji huelewa kwamba jirani amehama. Basi mgonjwa aambiwapo kuwa virusi vyake havionekani, ana haki kabisa ya kuelewa kwamba vimeondoka.

Chukulia mama wa miaka 34 aliyeanza dawa mwaka mmoja uliopita. Kipimo chake cha mwezi wa sita na cha mwezi wa 12 vimetoa jibu moja: havionekani. Mtumishi mpya anampongeza kwa maneno hayo tu, anampa vidonge vya miezi mitatu na kumpangia tarehe ya kurudi. Nyumbani mama anafikiri kwamba kazi ya dawa imekwisha, naye anaviweka vidonge kabatini. Kumbe VVU hubaki vimejificha ndani ya seli za kinga zenye kumbukumbu, ambako dawa huvizuia kuzaliana lakini haviondoi. Dawa ikisimama, kwa kawaida virusi hurudi katika damu ndani ya wiki chache. Mama anaporudi anaeleza kwamba amekuwa akijisikia vibaya. Anapimwa tena, na majibu ni nakala 48,000 kwa mililita. Sasa mtumishi yuleyule anaandika “usugu wa dawa?” katika faili, na neno la pili linatumika vibaya kwa sababu la kwanza halikufafanuliwa.

Jedwali lifuatalo lina istilahi tano tu, zile ambazo zingemkinga mama huyo. Safu ya tatu ina sentensi ya kumwambia mgonjwa, na safu ya nne ina neno linaloweza kuchanganywa na istilahi yenyewe.

| Istilahi | Maana | Mfano mwepesi | Istilahi inayohusiana |
|---|---|---|---|
| Wingi wa virusi | Idadi ya nakala za VVU katika mililita moja ya damu | “Namba hii inahesabu virusi. Tunataka ishuke.” | Seli za CD4: hizi huhesabu kinga, nazo hutakiwa kupanda |
| Kufubaa kwa virusi | Virusi vimegunduliwa, lakini havizidi nakala 1,000 kwa mililita | “Dawa inavibana, ila vichache bado vinaonekana kwenye kipimo.” | Kutoonekana: hatua ya chini zaidi |
| Kutoonekana | Kipimo kilichotumika hakikugundua virusi | “Ni vichache mno hata mashine haivioni. Vimejificha; dawa ndiyo inayovizuia kutoka.” | Kupona: hakujatokea |
| Ufuasi wa dawa | Kumeza dawa kwa dozi na wakati uliopangwa, bila kuruka | “Katika siku saba zilizopita, dozi ngapi zilikupita?” | Usugu wa dawa |
| Usugu wa dawa | Virusi vimebadilika vinasaba, hivyo dawa haivizuii hata ikimezwa ipasavyo | “Kwanza tuhakikishe dawa inamezwa, kisha tutapima upya.” | Ufuasi wa dawa: huchunguzwa kwanza |

Mstari wa kwanza unaonyesha faida ya safu ya nne. Mtumishi akisema tu kwamba “vipimo vimepanda”, mgonjwa hawezi kujua kama apongezwe au aonywe, kwa kuwa CD4 zikipanda ni heri na virusi vikipanda ni hatari. Istilahi hizo zikikaa pamoja katika jedwali, mtumishi hukumbuka kutaja ni namba ipi iliyopanda.

Mstari wa mwisho nao unaonyesha hatua ambayo ingefuatwa kwa yule mama. Wingi wa virusi unapozidi nakala 1,000, utaratibu uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kumpa mgonjwa ushauri wa kina kuhusu ufuasi na kurudia kipimo baada ya miezi mitatu. Mama akieleza bila kuogopa kukaripiwa kwamba aliacha vidonge, akavirejea, na kipimo cha marudio kikashuka hadi kutoonekana, basi usugu haukuwapo. Kumbadilishia dawa mapema kungemwondoa katika dawa iliyokuwa bado inafanya kazi.

Upo ukinzani wa haki dhidi ya jedwali fupi namna hii: kwamba sentensi nyepesi hupoteza ukweli. Hilo hutokea, na mahali pake pa kurekebishwa ni safu ya maana. Kwa mfano, “kutoonekana” hutegemea mashine na sampuli. Mashine nyingi zinazopima plazima hugundua virusi hadi karibu nakala 20 au 50, ilhali tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi huhitaji nakala mamia kadhaa. Vilevile, mtu ambaye virusi vyake havionekani na anayeendelea na dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono; lakini kwa mama anayenyonyesha hatari hupungua sana bila kuthibitika kuwa imefika sifuri. Mtumishi lazima ayajue hayo, hata kama hayasemi yote kwa pumzi moja.

Neno jingine la kuongezwa baadaye ni “hasi”. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, wala si virusi vyenyewe. Ndiyo sababu mtu ambaye virusi vyake havionekani akienda kupima kwingine huambiwa kuwa ana maambukizi, akadhani kliniki yake ilimdanganya. Kipimo cha haraka na kipimo cha wingi wa virusi hujibu maswali mawili tofauti.

Jedwali la aina hii halipaswi kuidhinishwa na daktari na mtaalamu wa maabara peke yao. Kila sentensi ya safu ya tatu isomwe mbele ya wagonjwa wachache waliokubali kusaidia, kisha kila mmoja aombwe kueleza kwa maneno yake alichoelewa na atakachofanya akifika nyumbani. Mgonjwa akisema kwamba ataendelea kumeza dawa ili virusi visitoke mafichoni, sentensi ibaki. Akiuliza, “Kwa hiyo naacha lini?”, sentensi ifutwe na kuandikwa upya kabla mtumishi mpya hajaikariri.