Hakuna bunduki, hakuna jina: wanawake waliotumika vitani hawahesabiwe

Vijana wenzetu wa Luofu, Kayna, Kirumba, Butembo na Beni,

Kila mara vita inapopunguka hapa kwetu, wakubwa wanakuja na daftari. Wanauliza: nani alikuwa ndani ya kikundi? Na mutu wa kwanza kuandikwa ni ule anayeleta bunduki. Anapewa karatasi, anapewa feza, jina lake linaingia katika mashini. Ule aliyebeba risasi, aliyepika, aliyefunga kidonda, aliyepeleka habari, anabaki inje ya mulango. Mara nyingi huyo wa inje ni mwanamuke.

Tunasema wazi: hesabu ile ni ya uongo. Na sasa, wakati wanaanza tena kuandika Wazalendo na wengine, tunataka uongo ule usirudiliwe.

Tuanze mbali kidogo, juu wako watu wanaofikiri mwanamuke ndani ya jeshi ni mambo ya siku hizi. Wakati wa ukoloni, askari wa Force Publique alikuwa anaishi katika kambi pamoja na bibi yake. Posho ya askari ilikuwa chakula kibichi, na bibi ndiye aliyeitwanga na kuipika. Vita kuu ya kwanza ilipofika Afrika ya Mashariki, Wabelgiji walipeleka jeshi ile mpaka Tabora, wakaingia tarehe 19 Septemba 1916. Upande wa Wajerumani, nyuma ya askari wa Lettow-Vorbeck, kulikuwa msururu mrefu wa wanawake na watoto. Walibeba vyungu na mizigo, walitafuta chakula katika mashamba, na wengine walizalia njiani. Katika vitabu vya vita, majina ya makamanda yanajaa kurasa. Majina ya wale wanawake utayatafuta utachoka.

Mwenye kuishi Lubero anajua mambo ile haijakwisha. Batayo ya FARDC ikihamishwa, mabibi wanafuata na masufuria kichwani na mutoto mugongoni. Wanalala chini ya hema, wanauza vitu kidogo sokoni, wanapika, wanatunza walioumia. Jeshi inasimama kwa sehemu juu ya mikono yao. Lakini bwana akikufa kwenye mustari wa mbele, bibi anatakiwa kukimbilia ofisi na karatasi ambazo hajawahi kupewa.

Ndani ya vikundi vya silaha, kazi ni ngumu zaidi, na haigawanyike vile watu wanafikiri. Musichana moja, katika juma moja, anaweza kufanya kazi ine. Anabeba mizigo ya wizi kutoka kijiji. Anapika kwa kamanda. Anatumwa sokoni kama mutu anayenunua chumvi, kumbe anahesabu askari na kuangalia fasi walipoweka silaha. Na siku ya mapigano anapewa bunduki ya mutu aliyekufa. Katika vikundi vingi vya Mai-Mai kuna sheria ya dawa inayokataza mupiganaji kugusa mwanamuke kabla ya vita. Hata hivyo, wasichana wadogo wanatumiwa katika kazi ya dawa yenyewe. Juu ya hayo yote, wengi wanafanywa bibi ya mukubwa kwa nguvu. Hiyo haiko ndoa. Ni utumwa.

Dunia inajua mambo haya. Kanuni za Paris za mwaka 2007 zinasema mutoto wa kikundi cha silaha haiko tu ule aliyeshika bunduki. Ni pia mupishi, mubebaji, mupelelezi, na musichana anayetumiwa kwa ngono. Lakini angalia kilichofanyika kwetu. Mwaka 2017, shirika Child Soldiers International lilitoa ripoti baada ya kuongea na wasichana 150 wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Haut-Uélé. Makadirio yao: wasichana ni kati ya 30 na 40 kwa mia ya watoto walioko ndani ya vikundi. Na kati ya watoto waliotolewa tangu 2009, wasichana walikuwa 7 tu kwa mia.

Wale wengine walienda wapi? Tufuate njia yenyewe, hatua kwa hatua, ndipo tutaona fasi wanapopotea.

Chukua programu ya CONADER, iliyoanza kazi yake mwaka 2004. Mupiganaji alikusanywa na wenzake, akaleta silaha, akaandikwa, kisha katika kituo akachagua: kuingia jeshi mpya au kurudi raia. Aliyechagua uraia alipewa dola 110 za kuondoka, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka moja. Kwa mwanaume aliye na bunduki yake, njia ile ilikuwa wazi.

Sasa weka katika njia ileile musichana wa miaka 16. Tunamutoa kama mufano, lakini kila kijiji cha Lubero kitamutambua. Alichukuliwa akiwa na 13. Kikosi kinapoitwa kukusanyika, kamanda ndiye anayeandika liste. Hapo ndipo jina linapotea mara ya kwanza: kamanda anamwita bibi yake, na bibi haandikwe kama mupiganaji. Tena kamanda anaogopa, juu akikubali kwamba ana mutoto wa 16 ndani ya kikosi, anajishitaki mwenyewe. Mara ya pili ni kwenye silaha: bunduki aliyokuwa anabeba iliisha kupewa kijana mwengine, ili huyo apate feza. Kwa mutoto, sheria haidai silaha, lakini nani alimwambia hivyo? Mara ya tatu ni kwenye meza: anayeuliza ni mwanaume, kamanda amesimama mita tano, na swali ni "ulikuwa unafanya nini kule?" Anajibu: "nilikuwa napika." Wanafunga daftari.

Basi anarudi kwao usiku, peke yake, pengine na mutoto mugongoni. Hana cheti. Na cheti haiko karatasi ya bure: ndiyo inaonyesha askari kwenye bariere kwamba huyu alitoka kikundi kwa njia ya halali, na ndiyo inamupa nguvu wakati kikundi kinakuja kumutafuta tena. Kijijini wanamwita bibi ya Mai-Mai. Wasichana wale 150, walipoulizwa, wengi walisema jambo moja lililowaumiza sana ni kukataliwa na watu wao, na kitu moja walichotaka ni kurudi masomo.

Hata korti ya La Haye ilichukua muda kuona. Thomas Lubanga alihukumiwa tarehe 14 Machi 2012 kwa kuingiza watoto katika vita ya Ituri. Mashahidi walisimulia yaliyofanyiwa wasichana, lakini mashitaka hayakuwa na ubakaji ndani yake. Ilibidi kungoja Bosco Ntaganda, aliyepatikana na hatia tarehe 8 Julai 2019 na kupewa miaka 30. Yeye alihukumiwa pia kwa ubakaji na utumwa wa ngono wa wasichana wa kikundi chake mwenyewe. Watetezi wake walisema sheria ya vita hailinde mutu dhidi ya wenzake wa kikundi. Majaji walikataa. Kwa hiyo, ile maneno ya "alikuwa bibi ya kamanda" haiwezi tena kuwa maficho ya mutu.

Wengine watatuambia: mukiondoa bunduki kama alama, kila mutu atakuja kusema alikuwa kule, feza itaisha. Tunajibu: bunduki yenyewe ilidanganya zaidi. Makamanda walizigawa kwa wandugu zao ambao hawakulala porini hata usiku moja. Mutu aliyekuwa kule anajulikana kwa maswali. Kambi ilihamia wapi mvua ilipoanza? Nani alikuwa anagawa chakula? Mulipita mto gani na mizigo? Nani alitunza walioumia, na kwa dawa gani? Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2006 juu ya kurudisha wapiganaji zinagawanya tayari wanawake katika mafungu matatu: waliopigana, waliosaidia, na wanaotegemea mupiganaji. Chombo kiko. Kinachokosekana ni mutu wa kukitumia.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi wanawake wasiende jeshini. Mwanamuke mukubwa anayeingia FARDC kwa kupenda kwake, mwenye matrikile, cheo na mushahara, ni askari kama wengine. Watu wa Beni waliona pia askari wanawake wa Tanzania na Afrika ya Kusini wakifanya doria pamoja na vikosi vya MONUSCO. Kati ya huyo na musichana aliyebeba risasi kutoka mulima mpaka mulima, tofauti haiko ushujaa. Moja alichagua, na kuna daftari yenye jina lake. Mwengine hakuchagua, na hakuna daftari.

Luofu yetu inajua kuhesabu. Mwezi wa Aprili 2009, FDLR walipochoma mji huu, watu walihesabu nyumba, zaidi ya 250, na watoto walioungulia ndani. Lakini wasichana wanaoingizwa porini, kikundi kwa kikundi, liste yao iko wapi? Leo kuna P-DDRCS, iliyoundwa Julai 2021, na tangu 2023 kuna sheria ya jeshi ya akiba ambamo Wazalendo wanataka kuingia. Maana yake, daftari mbili zinafunguliwa kwa wakati moja: moja ya kutoka, moja ya kuingia. Kama hatuseme sasa, wasichana watakosa katika zote mbili.

Kwa hiyo tunadai:

1. Mwanamuke au musichana asiombwe bunduki ili aandikwe. Aulizwe kazi alizofanya, zote.

2. Anayemuuliza awe mwanamuke, katika chumba cha peke yao, mbali na kamanda na mbali na ule anayejiita bwana yake.

3. Cheti kitolewe kwa jina lake mwenyewe, hata kwa ule aliyetoroka peke yake miaka iliyopita. Na apewe bila kuitwa mbele ya watu.

4. Feza ya kumusaidia ianzie masomo, pamoja na fasi ya kuacha mutoto wakati mama yake iko darasani.

5. Liste za Wazalendo zichunguzwe kabla ya kupokelewa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza mutoto kuingizwa jeshini. Kamanda atakayeita mutoto "bibi" apelekwe mbele ya korti.

6. Kila batayo iandike mabibi na watoto wanaoifuata, ili mujane asianze kutafuta karatasi siku ya maziko.

Na ninyi vijana mnaosoma: kama kwenu kuna dada aliyerudi kimya, musimuulize mambo ya porini mbele ya watu, na musimutungie jina. Mwambieni tu kwamba akitaka cheti, ni haki yake hata kama hakurudi na bunduki.

Sisi vijana wa Luofu