Kitabu cha Babeli na Daftari la Mayai



Baada ya Swala ya Ijumaa mzazi mmoja aliniuliza ni kitabu gani ampe mwanawe wa miaka 11 apate kujifunza kushika fedha. Mji wetu hauna duka la vitabu zaidi ya lile linalouza vifaa vya shule. Nilimjibu kwamba anahitaji vitabu viwili: kimoja cha kuazima na kimoja cha kununua. Naomba niyaeleze hayo hapa, kwa kuwa swali hilo ni la wengi.

Cha kuazima ni kile cha George Clason kuhusu tajiri mkuu wa Babeli, kilichotoka mwaka 1926. Walimu kadhaa wanacho. Ni cha Kiingereza, lakini visa vyake ni vifupi, na mzazi anaweza kukisoma mchana akamsimulia mtoto usiku. Arkad, mwandishi wa mabamba ya udongo, anakesha akimwandikia tajiri Algamish nakala ya sheria, na ujira wake ni siri ya utajiri. Siri yenyewe ni hii: katika kila kumi unayochuma, weka kando moja kabla hujamlipa mwingine yeyote. Arkad akaweka mwaka mzima, kisha akampa akiba yake mfyatua matofali aliyekuwa akisafiri, amnunulie vito. Vikaja vipande vya kioo. Mtoto huelewa mara moja kosa liko wapi: mambo ya vito huulizwa sonara.

Ila mzazi ajue chanzo cha kitabu hiki. Visa vyake vilianza kama vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na kampuni za bima, na ndiyo maana vinaisifu riba. Akiba ya pili Arkad anamkopesha mtengeneza ngao, naye kila mwezi wa nne anamlipa kodi ya fedha hizo. Ukifika hapo, usiruke ukurasa. Mweleze mtoto kwamba hiyo ndiyo riba iliyoharamishwa katika Suratul Baqara, kisha mwulize: wangefanyaje ili iwe halali? Jibu ni mudharaba. Arkad atoe mtaji, fundi atoe kazi, faida wagawane kwa sehemu waliyopatana, na mtaji ukipotea bila uzembe wa fundi, hasara ya fedha iwe ya Arkad.

Kitabu cha kununua ni daftari la shule, nalo hukamilisha jambo ambalo Clason hakuligusa. Arkad alikuwa mtu wa ujira. Kila alichopokea kilikuwa chake. Katika miji yetu wengi wetu ni wachuuzi, na fedha iliyo mkononi mwa mchuuzi si yake yote.

Hilo nililiona nyumbani kwangu. Mwanangu anafuga kuku wachache wa kienyeji. Mwezi wa kwanza aliuza mayai 40 kwa shilingi 500 kila moja, akapata 20,000. Akaweka 2,000 kando kwa furaha, akatumia zilizobaki. Wiki iliyofuata hapakuwa na pumba wala dagaa wa kuku, naye akaja kwangu kukopa. Akiba alikuwa nayo, lakini mtaji alikwisha kuula.

Mwezi wa pili tulipiga mistari katika daftari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mauzo yalikuwa yale yale 20,000. Jirani mmoja akarudisha yai viza. Mtoto alitaka kunyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwona akiliuza. Nilimwambia arudishe fedha na aiandike: imetoka 500. Chakula cha kuku kilikuwa 8,500. Kilichobaki, 11,000, ndicho alichochuma. Hapo ndipo alipotoa sehemu moja katika kumi, shilingi 1,100, na zile 8,500 za chakula akazifunga mbali katika kitambaa, zisiguswe hadi siku ya kununua pumba.

Ule mstari wa 500 umemfundisha zaidi ya maneno yangu. Sasa kila yai hulitia katika bakuli la maji kabla ya kuliuza. Linaloelea haliuzwi.

Kosa linalojirudia ni mtoto kuandika mwisho wa mwezi kwa kukumbuka. Utalitambua: hesabu zote huwa za mviringo, na fedha zilizomo koponi hazilingani na mstari wa mwisho. Basi kila Ijumaa jioni zihesabuni pamoja. Zikipungua, msimkaripie, maana mtoto anayekaripiwa kwa hesabu mbaya hujifunza kuandika hesabu nzuri ya uongo. Aandike upungufu kama ulivyo, kisha mtafute pamoja ulikotokea.

Wabillahi tawfiq.