Barua ya mwenye duka kwa fundi wa mfumo

DAFTARI LA DUKA
Na Kashinje Ngassa

Barua ya kuomba ripoti za mauzo ni maandishi ambayo mwenye biashara humpa fundi wa mfumo anayejitegemea, akimweleza namba anazotaka zitolewe kwenye kanzidata ya duka lake. Katika maduka ya vifaa vya uchimbaji ya Katoro, Nyarugusu na Kahama, barua hiyo mara nyingi huwa sentensi moja: "Nataka ripoti ya mauzo ya kila siku na ya mwezi." Fundi huandika anachodhani ndicho kilichoombwa, mwenye duka hupokea namba asizoziamini, na ugomvi wa malipo huanza. Dawa ya ugomvi huo ni barua yenye sehemu tatu: swali linaloulizwa, maana ya kila namba, na mfano uliokokotolewa kwa mkono.

Swali hutangulia kwa sababu ripoti mbili zenye jina moja zinaweza kujibu mambo tofauti. Mwenye duka anayetaka kujua aagize nyundo, kamba na buti ngapi anahitaji idadi ya bidhaa zilizotoka. Anayetaka kujua kama atamlipa msambazaji wa Mwanza Ijumaa anahitaji fedha zilizoingia. Anayetaka kujua kama aendelee kumkopesha mwenye duara fulani anahitaji deni na umri wake. Barua nzuri haisemi tu "ripoti ya mauzo". Inasema: "Ndugu, kila jioni nataka kujua mali ya shilingi ngapi imetoka, fedha kiasi gani kimeingia, na ninamdai nani."

Maana ya namba ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu zaidi kwenye ukanda wa dhahabu, kwa kuwa biashara nyingi hapa huenda kwa mkopo. Mchimbaji mdogo huchukua pampu na mipira leo, akalipa kidogo kidogo mawe yakishasagwa na dhahabu kuuzwa. Hivyo siku ya mauzo na siku ya malipo ni siku mbili, na barua lazima iseme ripoti inafuata ipi. Iseme pia bidhaa iliyorudishwa inapunguza mauzo ya siku ilipouzwa au ya siku iliporudi. Njia ya pili ni salama zaidi, kwa sababu namba za siku iliyokwisha kufungwa hazibadiliki tena. Kama duka limesajiliwa kwa VAT, barua itaje ikiwa kiasi kinajumuisha kodi hiyo, ili jumla ya siku iweze kulinganishwa na ripoti ya Z ya mashine ya EFD.

Sehemu ya tatu ni mfano. Tuchukulie duka la Katoro lililouza hivi tarehe 3 Machi. Risiti 101 ni pampu na mipira ya shilingi 900,000 kwa mkopo; mteja alilipa 300,000 siku hiyo na 200,000 tarehe 10. Risiti 102 ni nyundo na buti za 150,000, zilizolipwa taslimu. Risiti 103 ni kamba za 250,000, zilizolipwa kwa lipa namba. Tarehe 5 kamba ya 50,000 ilirudishwa na mteja akapewa fedha yake. Risiti 104 ni makarai na tochi za 100,000, mkopo mtupu, ambao haujalipwa hata senti.

Mwenye duka akikaa na daftari anapata majibu haya. Mali iliyotoka tarehe 3 ni 1,400,000. Fedha iliyoingia siku hiyo ni 700,000, na deni jipya ni 700,000. Kufikia mwisho wa tarehe 10, mauzo baada ya kuondoa kilichorudishwa ni 1,350,000. Fedha iliyobaki mkononi baada ya marejesho ni 850,000, na deni ni 500,000. Mauzo ukiondoa fedha hubaki deni lile lile, kwa hiyo hesabu imefunga. Majibu hayo huandikwa ndani ya barua, pamoja na risiti zenyewe.

Faida ya mfano huonekana pale fundi anapokosea, na kosa lililozoeleka ni hili. Tuseme kanzidata inaweka mauzo kwenye jedwali moja, malipo kwenye jingine na marejesho kwenye la tatu. Fundi akiunganisha mauzo na malipo moja kwa moja, kisha akajumlisha, risiti 101 hujitokeza mara mbili kwa kuwa ina malipo mawili, na 900,000 inageuka 1,800,000. Risiti 104 nayo hutoweka kabisa, kwa kuwa haina malipo ya kuunganishwa nayo. Ripoti inatoa 2,200,000 badala ya 1,400,000. Ziada ni 800,000, kiasi ambacho hakilingani na risiti yoyote, kwa sababu makosa mawili yamefunikana: 900,000 imezidi na 100,000 imepotea. Asiye na mfano wa mkono ni vigumu kuligundua kosa hilo, na kwenye duka lenye mamia ya risiti kwa mwezi angeamini biashara imekua.

Tiba yake ni kujumlisha malipo ya kila risiti kwanza, ndipo yaunganishwe na mauzo, na kubakiza hata risiti zisizo na malipo:

```
SELECT m.risiti, m.kiasi,
       COALESCE(l.jumla, 0) AS kilicholipwa
FROM mauzo m
LEFT JOIN (SELECT risiti, SUM(kiasi) AS jumla
           FROM malipo GROUP BY risiti) l
  ON l.risiti = m.risiti;
```

Marejesho nayo hujumlishwa kwanza kwa namna hiyo hiyo, ndipo yaondolewe. Mwenye duka hahitaji kuijua lugha hii. Anachohitaji ni kuweka kwenye majaribio risiti moja iliyolipwa kwa awamu, moja isiyolipwa, na moja yenye bidhaa iliyorudi, kwa sababu hizo ndizo zinazofichua kosa. Risiti za taslimu peke yake hupita hata kwenye ripoti mbovu.

Ripoti ya faida ina mpaka wake. Mifumo mingi midogo hutunza bei moja tu ya kununulia, na mzigo mpya ukija bei ya zamani hufutwa. Faida ya mwezi uliopita basi hukokotolewa kwa bei ya leo na hubadilika bila muuzaji kufanya lolote. Kama bei ya kununulia ya siku ya mauzo haikutunzwa kwenye mstari wa risiti, fundi hawezi kuirudisha kutoka kwenye kanzidata hiyo. Barua iombe ianze kutunzwa sasa, na faida ihesabiwe kuanzia siku hiyo.

Mwisho wa barua huweka masharti ya kazi. Fundi apewe nakala ya kanzidata au ruhusa ya kusoma tu, asiguse mfumo unaouza. Majina na namba za simu za wadaiwa ziondolewe kwenye nakala hiyo na nafasi yake ichukuliwe na namba ya mteja, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamwajibisha anayezikusanya. Malipo ya mwisho yafungwe kwenye mfano: ripoti ikitoa 1,400,000, 850,000 na 500,000 kama barua ilivyoandika, fundi alipwe siku hiyo hiyo. Isipotoa, arekebishe. Mwenye duka asiyekubali kukaa na risiti nne na kalamu kabla ya kuagiza ripoti hana haki ya kumlaumu fundi kwa namba atakazopewa.